Unga wa ngano, mtama, ulezi na muhogo: upi una protini zaidi, na uji wa mchanganyiko unabaki na kiasi gani?

MsagajiSingida

Habari zenu wanajamvi. Nina mashine ndogo ya kusaga hapa Singida, nauza unga wa uji kwa kilo. Mchanganyiko wangu kwa kila kilo 10 ni huu: mtama mweupe kilo 3, ulezi kilo 3, ngano kilo 2, muhogo kilo 2. Ngano nasaga mwenyewe bila kukoboa. Muhogo nauweka kwa sababu unalainisha uji na unanishushia bei, sitawaficha.

Siku hizi kina mama wanaulizia protini. Kuna mwenzangu sokoni mfuko wake umeandikwa "Protini 18%", wangu hauna hata namba. Nimepata jedwali kwenye simu linasema hivi kwa gramu 100 za unga: ngano 12, mtama 10, ulezi 7, muhogo 1 na nusu. Nikaona kumbe dawa ni kuongeza ngano na kupunguza ulezi. Wenye ujuzi naomba mnijuze kama nawaza sawasawa, na hicho kikombe cha uji chenyewe kinabaki na nini. Natanguliza shukrani.

Kifaranga wa Ubungo

Dada, ngano peke yake haitakupeleka mbali. Siri ya unga wa lishe ni nafaka nyingi. Hii inakosa hiki, ile inacho, ukizichanganya zinakamilishana. Mimi wa kwangu naweka mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, ngano na shayiri. Aina saba. Mtoto hata mafua hayajui.

ChumaTu

Ngano 12? Basi chapati zangu tano za asubuhi zinajenga mwili na watu wananicheka gym bure.

FundiMizani

Dada Msagaji, nimefanya kazi maabara ya chakula muda mrefu, ngoja nikujibu kwa kalamu na karatasi.

Jedwali lako liko vizuri. Namba zinapanda na kushuka kidogo kwa sababu ya mbegu, shamba na unyevu, ila mpangilio ndio huo. Kumbuka tu kwamba hiyo 12 ni ya ngano isiyokobolewa kama yako, unga mweupe wa dukani unakaa kwenye 10. Na ulezi usiuchanganye na uwele, maana uwele unafika 11.

Sasa mfuko wako. Kilo 3 za mtama zinakupa gramu 300 za protini. Ulezi kilo 3, gramu 210. Ngano kilo 2, gramu 240. Muhogo kilo 2, gramu 30 tu. Jumla ni gramu 780 kwenye kilo 10, yaani 7.8 kwa kila gramu 100. Unaona muhogo umekaa kwenye sehemu ya tano ya mfuko lakini haujaleta kitu.

Tuseme umefanya ulivyopanga: ngano inakuwa kilo 4, ulezi kilo 1. Hesabu inatoka 8.8. Umepanda gramu moja, umetoa hela zaidi, na umetupa kalsiamu ya ulezi, ambayo ni karibu mara kumi ya iliyomo kwenye ngano. Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Na sababu kubwa hata sijaifikia.

MsagajiSingida

Gramu moja tu! Haya kaka Fundi, ifikie hiyo sababu kubwa, nimekaa.

FundiMizani

Inahusu alichosema Kifaranga. Hoja ya kukamilishana ni ya kweli, ila wanaokamilishana ni nafaka na kunde. Nafaka kwa nafaka zote zina pengo lile lile.

Protini imeundwa na asidi amino. Mwili wa mtoto unazihitaji zote kwa uwiano wake, na ile iliyo chache ndiyo inayoamua ngapi zitumike. Ni kama fundi mwenye kitambaa cha mashati kumi na vifungo vya mashati manne, atashona manne. Kwenye nafaka zote hizi kifungo kinachopungua kinaitwa laisini.

Kipimo cha FAO kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3 ni miligramu 57 za laisini kwa kila gramu ya protini. Mtama una kama 21, ngano 27, ulezi 29. Muhogo unafika kama 40, lakini protini yenyewe ni kidogo mno hata isikusaidie. Nikipiga hesabu ya mfuko wako wa sasa napata 26. Nikipiga ya ule wenye ngano nyingi napata 26 vilevile. Chini ya nusu ya kinachotakiwa, na ngano haijasogeza chochote.

Kifaranga, aina saba za kwako zote ni nafaka. Ukiongeza ya nane na ya tisa utabaki palepale.

Kifaranga wa Ubungo

Mkuu nimekusoma, ila mtoto wangu anakua vizuri na kliniki kadi iko kwenye kijani mwezi hadi mwezi. Sasa hapo unasemaje?

FundiMizani

Nasema hali uji peke yake. Ananyonya, au anakunywa maziwa, au anapata maharage na dagaa kwenye ugali. Laisini inatoka huko. Unga unahesabiwa kwa ajili ya yule mtoto ambaye asubuhi uji, mchana uji, na mboga ni mchuzi wa nyanya.

Mama Tunu

Samahani jamani, mimi nina sukari. Daktari aliniambia niache sembe nile mtama. Je, kati ya hizi upi haupandishi sukari? Na muhogo nao vipi?

Kifaranga wa Ubungo

Mama Tunu, hapa tuko kwenye protini za watoto. Fungua uzi wako mama, utapata wengi wa kukujibu, hapa utachanganyikiwa tu.

MzeeWaKongwa

Nawasoma vijana. Sisi Wagogo tumekulia mtama na uwele, uji wa mtama, ugali wa mtama, na tulichunga ng'ombe kutwa nzima jua kali. Leo mnatuambia mtama ndio wa mwisho kwa hiyo laisini? Mbona hatukuanguka?

FundiMizani

Shikamoo mzee wangu. Mliwachunga hao ng'ombe na mkayanywa maziwa yao, na mlenda wenu mlikuwa mnautia karanga. Hapo ndipo nguvu ya mtama wenu ilipokamilika. Mtoto wa mjini anapata mtama bila ng'ombe.

Na mtama una tabia nyingine ambayo jedwali halionyeshi. Protini yake ikichemshwa na maji inajifunga, inakuwa ngumu kumeng'enywa. Nafaka nyingine hazifanyi hivyo kwa kiwango kile. Watafiti huko Peru waliwalisha watoto wadogo uji wa mtama mtupu, matokeo yakachapishwa 1981: miili yao ilifyonza asilimia 46 tu ya protini. Kwa ngano ilikuwa 81. Kwa hiyo ile 10 ya mtama kwenye jedwali na ile 12 ya ngano haziko karibu kama zinavyoonekana.

MsagajiSingida

Sasa unanitisha. Mtama ndio zao la huku, ndio wa bei. Niutoe?

FundiMizani

Usiutoe. Kuna njia, na mzee anaijua kuliko mimi. Mzee, huko nyumbani uji wa mtama mlikuwa mnaupika siku hiyo hiyo?

MzeeWaKongwa

Marahaba mwanangu. Wa kunywa asubuhi ulikuwa unalazwa. Unga unakorogwa na maji jioni, unafunikwa, kunakucha umeshachachuka kidogo, ndipo unapikwa. Na togwa nayo ndiyo hivyo, imewekwa kimea.

FundiMizani

Ndiyo hiyo. Kuchachuka kunalegeza ile protini kabla moto haujaifunga, na uji wa mtama uliolazwa unameng'enywa vizuri zaidi kuliko wa papo kwa papo. Dada Msagaji, andika tu kwenye mfuko: koroga unga na maji usiku, pika asubuhi. Haikugharimu kitu. Ila upikwe uchemke vizuri, na maji ya kukorogea yawe safi.

La pili ni aina ya mtama. Umesema wako mweupe, vizuri. Mtama wenye tanini nyingi, ule ambao ndege hawaupendi, unazidi kuishika protini isitumike. Rangi ya nje inadanganya, kuna mwekundu usio na tanini. Chukua punje, kwangua ganda la juu kwa wembe taratibu. Kama chini yake unakutana na utando wa kahawia iliyokolea kabla hujafika kwenye weupe, huo una tanini, ukoboe kwanza. Kama ni weupe moja kwa moja, saga hivyo hivyo. Usikoboe bila sababu, maana kiini cha punje ndicho kimebeba laisini kidogo iliyopo.

NyarBusia

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku kwetu Busia unga wa uji na wa ugali ni muhogo na mtama, mara nyingi na wimbi, yaani huo ulezi wenu. Wengine muhogo unazidi nusu. Kwa hesabu ya Fundi tunakula hewa? Maana bila muhogo uji wa mtama haushikani, unakuwa kama mchanga.

FundiMizani

Karibu dada. Hewa siyo, muhogo ni nguvu ya kutembelea, wanga mtupu. Piga hesabu: nusu muhogo na nusu mtama ni kama 5.75 kwa gramu 100, na sehemu kubwa ya hiyo ni ya mtama. Nafasi yote inayokaliwa na muhogo lazima protini yake itoke kwenye mboga. Nyie mna omena, mkiila kweli kweli na siyo kunusa mchuzi wake, mko sawa.

Halafu namba ya muhogo yenyewe nakushauri usiiamini sana. Maabara hatupimi protini, tunapima naitrojeni kisha tunazidisha kwa 6.25 tukidhani yote imetoka kwenye protini. Kwenye muhogo sehemu kubwa ya naitrojeni haitoki kwenye protini, na nyingine iko kwenye ile ile kemikali inayotoa sayanidi. Muhogo mchungu ukaonekana una protini kidogo zaidi, usishangilie.

MwanaMara

Hapo kwenye sayanidi naomba niongeze. Mimi ni wa Tarime. Mwaka 1985 huku kulikuwa na ukame, watu wakala muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo, na mboga hakuna. Watu wakapooza miguu ghafla, watoto na kina mama zaidi. Ugonjwa unaitwa konzo. Wazee wangu wanasema ni laana ya njaa, lakini wataalamu walikuja wakasema ni muhogo.

FundiMizani

Wote walikuwa wanaongelea kitu kimoja. Mwili unaiondoa sayanidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Anayekula muhogo mchungu bila protini anaingiza sumu na hana cha kuitolea. Mwenye kula muhogo ule ule na samaki anaweza asipate lolote. Dada Msagaji, makopa unayonunua uliza yamelowekwa siku ngapi. Ya kulowekwa siku tatu hadi yakalainika ndipo yakaanikwa ndiyo ya kuchukua. Yaliyomenywa na kuanikwa moja kwa moja kwa muhogo mchungu, waachie.

ChumaTu

Hamjanijibu suala la chapati.

Kifaranga wa Ubungo

Chapati tano za unga mweupe tuseme gramu 300 za unga, ni gramu 30 za protini. Na mafuta nusu kikombe. Kula mayai, mkuu.

MsagajiSingida

Nimeelewa kwamba nafaka haziwezi peke yake. Sasa niweke nini? Watu wanasema soya, wengine karanga, wengine dagaa wa kusaga. Dagaa nilijaribu, mfuko ukanuka, wateja wakarudisha.

FundiMizani

Kwa biashara, soya. Ina protini kama 36 kwa gramu 100 na laisini 62 kwa kila gramu ya protini, juu ya kile kipimo cha 57. Karanga ni tamu na ina protini 25, lakini laisini yake ni 35 tu, kwa hiyo haizibi pengo kama watu wanavyodhani. Na karanga ina kesi ya sumukuvu, ukinunua zilizovunjika na zenye ukungu unawapa watoto sumu kwa jina la lishe.

Ona kinachotokea ukitoa muhogo wote kilo 2 ukaweka soya kilo 2. Protini inatoka 7.8 inaenda 14.7, karibu mara mbili. Lakini tazama laisini: kwenye gramu 100 za unga ilikuwa miligramu 200, inakuwa 635. Mara tatu na zaidi. Hiyo mara tatu haionekani kwenye mfuko wa mtu yeyote, na ndiyo inayomjenga mtoto.

Bibi Harusi

Soya mimi siitaki hata kuisikia. Nilinunua unga wa soya nikamwekea mtoto, akaharisha, tumbo likajaa gesi. Na ladha chungu, kama majani mabichi.

FundiMizani

Pole dada. Hayo ni maelezo ya soya mbichi. Wengi wanaisaga ikiwa imekaangwa juu juu, nje rangi, ndani mbichi. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, siyo ya soya tu, hata ya mtama na ngano iliyo pamoja nayo. Unaweka soya ili kuongeza, unaishia kupunguza.

Iandae hivi. Chagua, osha, chemsha maji kwanza hadi yatokote, ndipo utumbukize soya. Ukianza na maji baridi ndiyo ile harufu ya majani inatokea. Ichemke kama nusu saa. Mimina, tia maji baridi, fikicha, maganda yataelea uyamwage. Anika hadi ikauke kabisa, halafu kaanga moto mdogo ibadilike iwe ya dhahabu. Ivunje moja katikati utazame: ndani nako kuwe na rangi ile ile na itoe mlio wa kukatika. Ikitafunwa iwe kama karanga, bila uchungu. Na usiipitilize hadi kahawia iliyoungua, hapo unaiua laisini uliyoifuata.

MsagajiSingida

Kuchemsha, kuanika, kukaanga. Kuni na muda. Soya yenyewe bei yake siyo ya mtama. Sijui kama kilo yangu itauzika.

Kifaranga wa Ubungo

Na ngano nayo bei. Mimi ningekuwa wewe ningetoa ngano, maana Fundi mwenyewe ameonyesha haisaidii.

FundiMizani

Hapo Kifaranga umepiga penyewe. Jaribu hii: mtama kilo 3, ulezi kilo 4, soya kilo 2, muhogo kilo 1 kwa ajili ya ulaini. Protini ni 13.2. Imeshuka kidogo kuliko ule wenye ngano, lakini laisini kwa gramu ya protini imepanda kutoka 43 kwenda 45. Ile nafaka iliyokuwa ya kwanza kwenye jedwali lako imetoka na uji haujapoteza kitu cha maana.

NyarBusia

Bado ni chini ya 57.

FundiMizani

Ni kweli. Ukitaka ifike huko utafika mahali uji unakuwa wa soya, mtoto anaukataa. Uji si lazima ubebe kila kitu. Akichanganyiwa maziwa kikombe kimoja kwa siku, au dagaa kwenye mlo wa mchana, pengo lililobaki linazibika.

Mwalimu Ndomba

Mmehesabu unga, ila aliuliza kikombe. Mimi nakwenda kwenye shule ya awali ambako uji unapikwa wa kumiminika kama chai. Unga huo wa 13 unabaki na nini?

FundiMizani

Ahsante mwalimu, hapo ndipo hesabu nyingi zinapofia. Kikombe cha mililita 250 cha uji wa kawaida kina unga kama gramu 30. Kwa mfuko wa zamani wa Msagaji hiyo ni gramu 2.3 za protini. Kwa mfuko mpya ni karibu 4. Mtoto wa kilo 12 anahitaji kama gramu 11 hadi 12 kwa siku nzima, zikiwa za ubora. Ukipika wa chai, unga ni gramu 15, na mfuko wako wa 13 umeshuka kuliko wa zamani uliopikwa vizuri.

Tatizo ni kwamba ukizidisha unga uji unakuwa mzito na mtoto wa mwaka mmoja hamezi. Dawa yake ni ile ya mzee, kimea cha ulezi. Taasisi ya Chakula na Lishe ya hapa kwetu ilikuwa inaifundisha tangu miaka ya 1980. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu uote, unaanikwa, unafikichwa mizizi itoke, unasagwa. Unapika uji mzito na unga mwingi, unauepua, unaacha upoe kidogo, unatia kijiko kidogo cha kimea na kukoroga. Mbele ya macho yako unalegea na kuwa wa kunyweka. Kisha unaurudisha motoni uchemke tena. Unga unaweza karibu kuongezeka mara mbili kwenye kikombe kile kile.

MzeeWaKongwa

Kimea cha mtama je? Sisi pombe tunatia cha mtama.

FundiMizani

Kwa mtoto tumia cha ulezi, mzee. Chipukizi la mtama lina sayanidi. Ukilazimika, yafikiche machipukizi yote na mizizi yatoke kabisa kabla ya kusaga.

MsagajiSingida

Nimepata kazi ya kutosha. Sasa naomba suala la mwisho: ile 18 ya mwenzangu. Nimenunua mfuko wake jana. Umeandikwa viambato tisa: mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, uwele, shayiri, soya, karanga. Inawezekana?

FundiMizani

Nafaka zikichanganywa zinakaa kwenye 9. Ili zifike 18 kwa soya ya 36, theluthi nzima ya mfuko iwe soya. Ungeisikia mdomoni, na bei yake ungeijua.

Sasa viambato huandikwa kuanzia kile kizito zaidi kwenda chini. Soya ni ya nane. Hata tukiwapendelea tukasema vyote tisa vimelingana uzito, soya ni sehemu moja ya tisa na karanga moja ya tisa. Hapo inatoka kama 13.8. Huo ndio upeo wake, labda kama hawakufuata utaratibu wa kupanga majina.

Kifaranga wa Ubungo

Labda wamepima ukavu. Nimesikia maabara hutoa unyevu kwanza.

FundiMizani

Hoja nzuri, na ndiyo maana ukipeleka sampuli uulize: matokeo ni ya unga ulivyo au ya unga mkavu? Unga wenye unyevu wa asilimia 10 na protini 13.2 unasomeka 14.7 kwenye hesabu ya ukavu. Kwa hiyo ile 13.8 ingesomeka 15 na kitu. Bado siyo 18.

Dada Msagaji, hesabu niliyokupa ni ya kupangia mchanganyiko, usiichapishe kwenye mfuko. Pima kwanza. Na soya ina mafuta, unga wake unachacha, kwa hiyo usisage wa miezi mitatu ukaweka stoo. Saga wa wiki chache, funga kavu, na ukisikia harufu kama ya rangi ya mafuta usiuze.

Bibi Harusi

Mimi bado soya sitaki. Maharage ya kawaida je, hayafanyi kazi ile ile?

FundiMizani

Yanafanya. Protini yake 22, laisini nzuri sana, ila utahitaji kuweka mengi zaidi ya soya, na lazima uyachemshe yaive kabisa kabla ya kuyaanika. Kaanga peke yake haitoshi kwa maharage.

MsagajiSingida

Nitaanza na kilo 10 za kujaribu, mtama 3, ulezi 4, soya 2, muhogo 1. Ngano iliyobaki nitaiuza kwa ChumaTu.